Mlaji kapungua, mbona fedha hazitoshi?

"Tumeachana na baba watoto tangu Aprili. Mlaji mmoja ameondoka, mshahara wangu ni uleule, na mwisho wa mwezi hesabu karibu inafika. Mbona kila shule zikifunguliwa najikuta kwenye mkopo?"

Kwa sababu kilichoondoka ni sahani moja ya chakula, na mkono uliokuwa ukilipa vitu vizito umeondoka nayo. Nyumba nyingi za Uganda hugawana gharama kwa vitu: baba analipa kodi ya nyumba na ada ya shule, mama anabeba sokoni, makaa, umeme, dawa na nauli. Kwa hiyo mama amezoea fedha za kila siku, na anazijua sana. Ada anaijua kwa kuisikia tu. Baba naye akibaki na watoto hukutana na jambo hilohilo upande wa pili: ada anaiweza, lakini jiko linammaliza kabla ya tarehe 20.

Tuchukue muuguzi wa kliniki ya binafsi mjini Busia, mama wa watoto wawili, anayepokea mkononi shilingi 850,000 kwa mwezi. Kodi ni 250,000, chakula 300,000, makaa 60,000, umeme na maji 40,000, boda boda ya kazini 60,000. Jirani anayemkalia mdogo jioni mama akiwa zamu anapewa 50,000. Hiyo ni gharama mpya, zamani baba alikuwa anafika nyumbani mapema. Matibabu 30,000 na simu 20,000. Jumla 810,000. Zinabaki 40,000, na mtu anaweza kulala vizuri kabisa na hesabu hiyo.

Sasa weka shule. Mdogo yuko darasa la tatu, anarudi nyumbani kila siku, ada 350,000 kwa muhula. Mkubwa yuko mwaka wa kwanza wa sekondari, bweni, 650,000. Juu yake kuna zile rimu za karatasi, sukari, sabuni, fagio na sare ambazo shule inaandika nyuma ya barua ya ufunguzi. Tuseme 150,000 kwa wote wawili. Muhula mmoja ni 1,150,000. Mihula ni mitatu, basi mwaka ni 3,450,000, na ukigawa kwa miezi 12 unapata 287,500 kila mwezi. Ile ziada ya 40,000 imegeuka pengo la 247,500. Pengo hilo lipo kila mwezi, ila halionekani hadi shule zifunguliwe Februari, mwishoni mwa Mei au Septemba, na hapo ndipo linapovaa sura ya mkopo.

Ndiyo maana mzazi wa kipato kimoja anapaswa kupanga kwa mwaka wa shule kwanza, kisha ashuke kwenye mwezi. Hiyo 287,500 iandikwe juu kabisa ya karatasi, kabla ya chakula, kama deni linalodaiwa kila mwezi.

Kuna mtego hapa ambao wengi hawauoni. Kugawa kwa 12 kunafanya kazi tu ukishakuwa ndani ya mzunguko. Ukiachana Aprili, una mishahara miwili tu kabla ya muhula wa pili: 575,000, nusu ya kinachotakiwa. Usisubiri siku ya kufungua. Nenda kwa mhasibu wa shule wakati wa likizo, umweleze kwamba analipa mzazi mmoja sasa, na mwandikiane tarehe za kulipa nusu iliyobaki. Mhasibu aliyeambiwa mapema ana nafasi ya kusaidia; aliyekutana nawe getini na sanduku la mtoto hana.

Halafu pengo lenyewe. Kupunguza sukari na kifurushi cha simu hakuzibi 247,500, na mama atajitesa bure akijaribu. Vitu vyenye uzito ni viwili: nyumba na shule.

Nyumba kwanza. Akihamia chumba na sebule cha 150,000 karibu na kliniki, anaokoa 100,000 za kodi, na nauli inashuka hadi 20,000. Hiyo ni 140,000 kwa mwezi, na pengo linabaki 107,500. Ila wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi kadhaa mbele, hivyo kuhama kunahitaji fedha taslimu za mkupuo. Mwezi wa kuhama uwe ule usio na ufunguzi, kama Julai au Oktoba.

Shule inadanganya zaidi. Kumtoa mkubwa bwenini na kumpeleka shule ya kutwa ya 350,000 kunaonekana kuokoa 300,000 kwa muhula, yaani 75,000 kwa mwezi. Lakini sasa anakula nyumbani. Weka 40,000 za chakula. Uokoaji halisi ni 35,000, na mwaka wa kwanza sare mpya zinaweza kuumeza wote. Mimi nisingemgusa mtoto huyo kabla ya kujaribu njia inayofuata. Ameshapoteza nyumba yenye wazazi wawili. Shule na marafiki wake vina thamani kwake.

Njia hiyo ni baba. Katiba ya Uganda na Sheria ya Watoto zinawawajibisha wazazi wote wawili, kuachana hakufuti jambo hilo. Akilipa nusu ya ada tu, ni 500,000 kwa muhula, sawa na 125,000 kwa mwezi, na pengo la 107,500 limezibika. Omba kiasi hicho kwa muhula, kilipwe moja kwa moja shuleni. "Nitatuma kitu kila wiki" ni ahadi inayoleta ugomvi kila wiki, na kitu chenyewe kinaishia sokoni. Akikataa, ofisi ya afisa ustawi wa jamii wa wilaya, wanayoiita probesheni, huwaita wote wawili na kuwapatanisha; hilo likishindikana kuna ombi la matunzo katika mahakama ya familia na watoto. Nenda na karatasi: barua za ada, risiti za kodi, ujumbe wa malipo. Na mpaka fedha yake ifike, usiiandike kwenye mapato. Ikifika, ilipie muhula unaokuja.

Akiba ya ada isikae kwenye simu. Inaonekana kila ukiangalia salio, na ukiitoa unakatwa ada ya wakala pamoja na kodi ya asilimia 0.5. Shule nyingi zinatumia SchoolPay, ambapo kila mwanafunzi ana namba yake ya malipo na unaweza kulipa kidogo kidogo hata kabla ya muhula. Lipa mara moja kwa mwezi, siku ya mshahara, maana kila malipo yana makato yake. Ukishalipa, fedha hiyo huwezi kuirudisha mtoto akiugua usiku, kwa hiyo zile 30,000 za matibabu zikae kando na zisiguswe. Pia muulize mhasibu kama kuna deni la zamani: malipo yako yanaweza kulifuta hilo kwanza, na wewe ukadhani umelipia muhula mpya.

Kipindi kigumu zaidi ni Desemba hadi Februari. Waajiri wengi hulipa kabla ya Krismasi, na mshahara huo unapaswa kufika mwisho wa Januari, siku chache kabla ya muhula wa kwanza. Siku unapoupokea, toa 287,500 ya shule na kodi ya Januari kabla ya kununua hata kilo ya nyama ya sikukuu.