Kabla hujasema kadi imekukata zaidi, soma mistari miwili

Malalamiko ya "kadi imenikata zaidi" yameongezeka mezani kwetu, sisi tunaohudumia kadi za nauli za basi na treni, na mengi huja na picha ya mstari mmoja tu wa historia ya safari. Mstari mmoja hautoshi. Punguzo la kuunganisha usafiri huonekana kwenye mstari wa pili, nalo hutegemea jinsi wa kwanza ulivyofungwa, yaani kama kadi ilisomwa uliposhuka.

Chukua mfumo unaotoza kwa umbali na kukadiria nauli hadi kumi iliyo karibu. Abiria anapanda basi saa 1:02 asubuhi, anashuka saa 1:31. Nauli halisi ni 214, anakatwa 210. Saa 1:48 anaingia kwenye treni. Safari nzima, basi na treni, ni 326, inayokadiriwa kuwa 330. Treni basi inamkata 120, yaani 330 kutoa 210. Hapo ndipo watu hupiga hesabu ya 326 kutoa 214, wakapata 112, wakadai tumewaongezea. Hapana. Kinachokadiriwa ni jumla ya safari. Zile 4 ulizosamehewa kwenye basi zimerudi kwenye hesabu, na 4 nyingine zimetokana na kukadiria 326 kuwa 330.

Sasa tuseme mistari inaonyesha basi 450 na treni 190. Hili si suala la kukadiria. Tazama safu ya kushuka: ikiwa tupu, kadi haikusomwa mlangoni, mfumo ukatoza nauli ya juu kabisa na treni ikahesabiwa kama safari mpya. Kama saa ya kushuka ipo lakini treni bado imehesabiwa kama safari mpya, linganisha namba ya kadi kwenye mistari yote miwili. Kadi ya plastiki na simu, hata zikitoa pesa kwenye akaunti moja, huhesabiwa kama kadi mbili. Tumelieleza hili mara nyingi mno.

Ngoja siku moja au mbili kabla ya kudai, kwa sababu mashine ya basi lililokosa mtandao hutuma kumbukumbu zake baadaye, na mstari huenda ukajirekebisha. Usipojirekebisha, wasilisha dai kwa mtoa kadi: tarakimu 4 za mwisho za kadi, tarehe, saa za mistari yote miwili, namba ya gari kama unayo, kituo ulichoshukia, na tofauti unayodai, hapa 310, yaani 640 ulizokatwa kutoa 330. Hifadhi namba ya dai. Muda wa mwisho wa kudai umo kwenye masharti ya kadi yako, na dai lililochelewa linaweza kukataliwa hata likiwa la kweli.

Usianzie benki. Malipo yakirudishwa na benki kabla hatujachunguza, mfumo huweza kuyasoma kama deni na kadi ikafungiwa mlangoni hadi lilipwe.

Dai likikubaliwa, ule mstari wa 450 hautafutwa. Tafuta mstari mpya wa marekebisho wenye alama ya kujumlisha.