Ukiifuta korido, inahamia sebuleni

Juzi nimetumiwa tena picha ya ramani kwa WhatsApp, na chini yake maneno yaleyale: "Injinia, hii ni nzuri, haina korido, hakuna nafasi inayopotea." Mimi si injinia, ni msanifu majengo, ila hilo nimeshalisamehe. La korido limenishinda. Ni mteja wa tatu mwezi huu, na wote wana ramani ya aina moja: sebule katikati, vyumba vimeizunguka, kila mlango unafungukia kwenye makochi.

Huyu wa juzi ana kiwanja cha mita 15 kwa 20 pembezoni mwa Dar es Salaam, barabara iko mashariki. Anataka vyumba vitatu, jiko, choo na bafu kwa pamoja, na sebule. Nimemchorea mchoro wangu kwa ukubwa uleule wa wake, mita 10 kwa 7.5, yaani mita za mraba 75, ili asije akasema nimemshinda kwa kuongeza tofali. Unene wa kuta nimeuacha kwanza. Kwa kulinganisha michoro ya mkono hausumbui.

Mchoro wake: upande wa mita 10 umetazama barabara. Sebule iko katikati, upana mita 4, kina mita 7.5, kutoka mbele mpaka nyuma. Kushoto vyumba viwili. Kulia chumba kimoja, kisha jiko, kisha choo. Sebule ni mita za mraba 30, na hapo ndipo mwenye nyumba anapotabasamu.

Sasa chukua penseli. Chora kila safari ya siku: mlango mkubwa kwenda kila chumba, kila chumba kwenda choo, jikoni kwenda mezani. Halafu kila mstari uupake rangi kwa upana wa karibu mita moja, maana mtu hapiti kwenye uzi. Kwenye mchoro wake kunatokea njia ya katikati yenye urefu wa mita 6 hivi, na matawi matano kuelekea milango mitano ya pembeni, kila tawi mita moja na nusu. Jumlisha: mita za mraba 13 na nusu hivi. Hiyo ni korido. Iko palepale, ila haina kuta, na ndani yake umeweka meza ya kahawa.

Ubaya wa pili hauonekani kwenye hesabu ya eneo, na ndio unaoniudhi zaidi. Mlango hauli sentimita 90 za ukuta peke yake. Unaharibu na kilicho kando yake. Ukuta wake wa kushoto una mita 7.5 na milango miwili, kila mmoja katikati ya chumba chake. Kipande kirefu kuliko vyote kinachobaki ni mita 2.8, katikati ya milango miwili ya vyumba vya kulala. Vipande vya pembeni havifiki mita moja na nusu, na kochi la watu watatu linataka mita 2 au zaidi. Ukuta wa kulia una milango mitatu, ukiwamo wa choo. Kwa hiyo seti ya sofa inaelea katikati ya chumba, televisheni inabanwa kando ya mlango, na mtoto akitoka kuoga na taulo anamsalimia mjomba aliyekuja na habari za posa. Nafasi ya mita 30 ipo, pa kukaa hakuna.

Mchoro wangu nimeugeuza, upande wa mita 7.5 ndio unaotazama barabara. Mbele, kwa kina cha mita 4, kuna jiko la mita za mraba 10 upande wa kusini na sebule ya mita 20 upande wa kaskazini. Nyuma kuna korido yenye upana wa mita 1.1 na urefu wa mita 4 tu, haifiki ukuta wa mwisho. Kaskazini yake vyumba viwili vya mita 3 kwa 3.2, kusini choo kisha masta, na kile kipande cha mita 2 ambacho korido haikufika nimempa masta aweke kabati. Mlango mkubwa umetazamana na mdomo wa korido, na mlango wa jiko uko pembeni ya njia hiyohiyo. Sebule inakatwa mara moja tu, ukingoni. Korido ni mita za mraba 4.4, njia ya sebuleni ni 4, jumla 8.4. Na sebuleni inabaki kona ya mita 4 kwa 3.2 ambayo hakuna anayeikatiza, yenye ukuta mmoja mzima usio na mlango.

Kuhusu jua nitasema kwa kifupi. Dar jua la mchana liko juu sana. Juni linaegemea kaskazini, Desemba kusini, na ukingo wa paa wa sentimita 60 unalizuia kwa sehemu kubwa. Adui ni jua la saa kumi jioni, linaloingia chini ya paa. Nyumba yake imelitazama kwa upana wa mita 10, na dirisha la nyuma la sebule liko hukohuko. Yangu inalionyesha ukuta wa mita 7.5 usio na dirisha.

Mwanga ndio unaonipa shida. Kikawaida mwanga wa dirisha unafika ndani vya kutosha mpaka umbali wa mara mbili, mbili na nusu, ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha. Lenta ikiwa mita 2.1, ni mita 4 mpaka 5. Sebule yake ina madirisha ncha mbili, katikati ni mita 3.75, kwa hiyo kwa karatasi inapita. Ukiweka veranda mbele hesabu hiyo inaharibika, ila kwa haki, wakati wa mchana nyumba yake si ya giza. Korido yangu ndiyo ya giza. Milango ikifungwa utawasha taa saa sita mchana. Nyumba za zamani za Kariakoo na Magomeni zilikuwa na korido katikati, lakini ilitoka barazani mpaka uani, milango wazi huku na huku, mwanga na upepo vikapita. Yangu ni kipofu. Naweza kuweka vidirisha juu ya milango, au kuifikisha ukuta wa nyuma na kuipa dirisha dogo, na hapo masta anapoteza mita za mraba 2.2. Nimebadilisha mawazo mara tatu. Na jiko langu liko kusini-mashariki, kwa hiyo kusi likivuma harufu ya dagaa inaelekea sebuleni. Nikilihamisha kaskazini, kaskazi itafanya hivyohivyo.

Kama mteja ameng'ang'ania mchoro wake, dawa ya bei rahisi ni kusogeza milango ya vyumba vya mbele hadi kona zao za nyuma, ikae karibu na ile mingine. Makochi yanapata nusu ya mbele, ingawa mlango mkubwa bado unaipasua.

Jana usiku alipiga simu, mkewe naye yuko kwenye laini. Mama alisikiliza yote, mita na milango, kisha akauliza: "Sasa siku ya msiba, kina mama watakaa wapi?" Kwenye ile sebule ya mita 30 ukitoa makochi mikeka inatandikwa mpaka ukuta wa nyuma. Kwenye yangu haitoshi. Nilimjibu, "Turubai, dada," naye akacheka kwa namna ambayo haikunifurahisha. Nimerudi mezani kuchora wa tatu.