Je, wajua? Wastani nao hutembea

"Nilinunua ETH nikauza BTC wakati uwiano wake uko chini kabisa. Alama ya z imerudi sifuri kama nilivyosubiri, nikafunga, na bado nimekula hasara. Imekuwaje?"

Kwa sababu sifuri ina milango miwili. Uwiano unaweza kupanda ukaufuata wastani, na hapo unavuna. Au wastani unaweza kushuka polepole ukaufuata uwiano, na hapo skrini inakuonyesha sifuri ile ile huku mfuko umetoboka. Wewe uliingilia mlango wa pili.

Tuichambue biashara yenyewe. Bei ya ETH, sarafu ya Ethereum, ukiigawa kwa bei ya BTC, yaani Bitcoin, unapata uwiano, ambao kwenye chati nyingi unausoma moja kwa moja kwa kuandika `ETHBTC`. Sarafu hizi mbili mara nyingi hupanda na kushuka pamoja, kwa hiyo bei zake zikirukaruka kwa dola, uwiano hutulia zaidi. Mfanyabiashara wa jozi hajali kama soko linapanda au linaporomoka. Anachokitazama ni kama moja imebaki nyuma ya mwenzake kupita kawaida, akitarajia pengo lizibe. Hiyo "kawaida" ndiyo inayopimwa hivi:

```
z = (uwiano - wastani) / mkengeuko
```

Wastani ni wa siku kadhaa zilizopita, tuseme 60. Mkengeuko ni kiasi ambacho uwiano huzoea kusogea mbali na wastani huo. Z ikiwa -2, uwiano uko chini ya wastani kwa mara mbili ya mazoea yake.

Sasa tuweke namba, za mfano tu. Wastani wa siku 60 ni 0.064, mkengeuko ni 0.004. Leo BTC ni dola 50,000 na ETH ni dola 2,800, yaani uwiano ni 0.056 na z ni -2 kamili. Unanunua ETH ya dola 1,000, na papo hapo unauza BTC ya dola 1,000 ambayo huna, kwa kuikopa ili uinunue tena baadaye, au kupitia fyucha, yaani mikataba inayofuata bei bila wewe kumiliki sarafu. Pande zote mbili ziwe na thamani sawa. Ukiweka dola 1,000 huku na 600 kule, hujafanya jozi. Umenunua ETH kwa mlango wa nyuma.

Uwiano ukipanda hadi 0.062 na BTC ikabaki palepale, ETH itakuwa dola 3,100 nawe una faida ya dola 107 hivi. Utamu wa jozi unauona soko likianguka. BTC ishuke hadi 40,000, uwiano uwe 0.062 uleule, ETH itakuwa 2,480. Upande wa ETH umepoteza dola 114, upande wa BTC umepata 200, na bado umebaki na dola 86. Toa ada: miamala ni minne, miwili ya kuingia na miwili ya kutoka, na kwenye fyucha zisizo na tarehe ya mwisho kuna malipo yanayopita kati ya wanunuzi na wauzaji, mara nyingi kila baada ya saa nane. Huwa ni madogo, lakini yanahesabika ukikaa miezi.

Turudi kwenye hasara yako. Chukulia uwiano, baada ya wewe kuingia, uliteremka hadi 0.054 ukaganda hapo, ukitikisika kidogo tu. Kila siku mpya inayoingia kwenye dirisha la siku 60 ni ya karibu 0.054, na kila inayotoka ni ya zamani, za kule juu. Siku ya 60 hakuna tena siku hata moja ya zamani. Wastani mpya ni 0.054, uwiano ni 0.054, z ni sifuri. Programu inasema "lengo limefikiwa". ETH uliyoinunua kwa 2,800 sasa ni 2,700, na umepoteza dola 36 kabla ya ada. Mimi mwenyewe nililipa karo hii mara mbili kabla ya kuelewa kwamba nilikuwa nalenga goli linalosogezwa.

Dawa ni kugandisha. Ukishaingia, wastani na mkengeuko wa siku ile vinaandikwa kwenye daftari na havibadilishwi mpaka biashara ifungwe. Kutoka kunapimwa kwa uwiano wenyewe, si kwa z inayojihesabu upya kila asubuhi. Kwa mfano wetu, daftari linasema: lengo 0.062, kikomo cha hasara 0.052, muda siku 20.

Lengo ni 0.062, si 0.064, kwa sababu kipande cha mwisho cha safari ndicho kinachochelewa kuliko vyote, na mara nyingi hakifiki. Kikomo cha 0.052 ni z ya -3 kwa vipimo vya siku ile. Kikiguswa unapoteza dola 71, na unafunga pande zote mbili kwa pamoja. Usifunge ETH ukabakiza BTC "ili ikulipe". Hapo jozi imekwisha na kilichobaki ni kamari ya bei.

Sheria ya muda ndiyo wengi huiruka, na ndiyo ingekuokoa. Tazama tena mfano: uwiano uliganda 0.054, kwa hiyo haukugusa kikomo cha 0.052 hata siku moja. Bila kikomo cha muda ungekaa hapo miezi miwili ukilipa ada. Siku 20 nazo hazitoki hewani. Rudi kwenye chati, tazama uwiano ulipochepuka huko nyuma, uhesabu ulichukua siku ngapi kurudi nusu ya njia. Kama kwa kawaida ni siku 10, upe mara mbili yake. Uwiano usiporudi ndani ya muda huo, haufanyi tena kile ulichouingilia.

Na kweli uwiano huwa unaacha kurudi. Kuanzia katikati ya 2021 hadi karibu mwisho wa 2023, ETH kwa BTC ilicheza takriban kati ya 0.05 na 0.088, na ukiitazama chati ya kipindi kile unaona kama bembea. Januari 2024 Marekani ikaruhusu mifuko inayoshika Bitcoin yenyewe iuzwe kwenye soko la hisa, na fedha nyingi zikaelekea upande mmoja. Machi mwaka huohuo Ethereum ilifanya maboresho yaliyopunguza sana gharama za mitandao iliyojengwa juu yake, na ETH inayochomwa kupitia ada, yaani inayofutwa kabisa, ikapungua. Septemba 2024 uwiano uliteremka chini ya 0.04. Aprili 2025 ulikuwa chini ya 0.02. Katika mteremko wa namna hiyo z inaweza kurudi sifuri tena na tena, huku wastani ukizidi kushuka. Hiyo ndiyo dalili ya kuitafuta: chora wastani wa siku 60 peke yake. Ukienda kama mstari uliolala, jozi bado ipo. Ukiwa ngazi ya kushuka, huna jozi.

Jambo moja lenye kuuma. Kikomo kikishaguswa, z mara nyingi bado iko chini ya -2, kwa hiyo sheria yako ya kuingia inakuita tena dakika ileile. Ongeza sharti: baada ya kutolewa, usiingie mpaka z ya dirisha jipya irudi kwanza kati ya -1 na 1, kisha ichepuke upya. Bila sharti hilo, hasara ya dola 71 unaweza kuila mara tatu ndani ya wiki moja.