Mzigo wima si kila mzigo wa kichwani

Kuna kauli inayorudiwa kila yanapozungumzwa mambo ya mgongo na shingo: kwamba mzigo wa kichwani ni "mzigo wima", kwa hiyo hauumizi, na wa mgongoni si wima, kwa hiyo ndio mbaya. Wengine huongeza kwamba wanawake wetu hubeba ndoo bila kutumia nguvu yoyote, "wazungu walishapima". Nimelisikia hili kutoka kwa makocha wa mazoezi, kwa walimu, na hata kwa watu wanaojua vizuri wenzo na egemeo ni nini.

Maana yenyewe ni fupi. Mzigo ni wima kwa sehemu fulani ya mwili pale mstari wa uzito wake, ule unaoshuka moja kwa moja kwenda ardhini, unapopita kwenye mifupa inayoubeba. Mifupa inabanwa bila kupindwa. Mstari ukipita pembeni, mifupa inabanwa na pia inataka kupinda, na misuli ndiyo inayoizuia. Kwa hiyo uwima unapimwa kwa mstari huo. Mzigo unaweza kuwa juu ya utosi na mwenye nao amesimama kama mlingoti, lakini mstari ukawa umeshapita mbele ya shingo.

Huo mlingoti nautaja kwa makusudi. Kwenye jahazi, mlingoti ndio unaobeba, na kamba zinazoufunga huku na huku zinauzuia usilale. Kadiri unavyokaza kamba ndivyo mlingoti unavyokandamizwa chini, hata kama hujaongeza kitu juu yake. Shingo iko hivyohivyo. Pingili zake 7 ndizo zinazobeba. Misuli ya kisogo huvuta kwa nyuma, ile myembamba iliyojificha nyuma ya koo hushika kwa mbele, na ule msuli mnene unaotoka nyuma ya sikio kwenda kifuani hushika pembeni. Msuli unaokaza hauinui mzigo. Unavuta chini, na mvuto wake unajumlishwa kwenye pingili. Ndiyo maana sipendi kusikia kwamba mtu fulani "ana shingo yenye misuli, kwa hiyo anabeba". Anayebeba vizuri ni yule ambaye misuli yake ina kazi ndogo.

Tuangalie kwa hesabu, nayo ni rahisi kuliko inavyoonekana. Chukua mpagazi wa Kilimanjaro, mgumu kama wanavyojiita wenyewe, mwenye begi la hema la kilo 20 kichwani. Kilo 20 ndio uzito unaoruhusiwa kwa mzigo wa mpagazi mmoja, na mizigo hupimwa kwa mizani getini kabla ya safari. Kichwa chake mwenyewe kina kama kilo 5. Kitovu cha uzito wa begi kiko, tuseme, sentimita 30 juu ya kiungo ambapo fuvu linakaa kwenye pingili ya kwanza. Akiwa ameshika kichwa sawasawa, pingili zinabeba kilo 20 za begi, kilo 5 za kichwa, na mvuto kidogo wa misuli inayosawazisha.

Sasa njia inaanza kushuka na anataka kuona anapokanyaga. Anainamisha kichwa nyuzi 10 tu, kiasi ambacho aliye pembeni hawezi kukigundua. Kitovu cha begi kinasogea mbele kwa kama sentimita 5. Misuli ya kisogo nayo iko karibu sentimita 5 nyuma ya kiungo, hivyo ili kuzuia kilo 20 zilizosogea sentimita 5 mbele lazima ivute kwa nguvu ya kilo 20 nyuma. Pingili sasa zinabeba kilo 20 za begi na kilo 20 za misuli, mbali na kichwa chenyewe. Mzigo wa shingo umekaribia kuongezeka maradufu na mizani ya getini haijui. Hesabu hii imerahisishwa, maana mwilini misuli ni mingi na kila mmoja una umbali wake, lakini mwelekeo wake ni huo.

Hapo ndipo unapoelewa kwa nini anayejua kubeba kichwani hushusha macho na kuacha kidevu mahali pake, na kwa nini hatua zake huonekana za taratibu hata akiwa na haraka. Kiuno na magoti vinameza mtikisiko ili kichwa kisipande na kushuka. Hapo pia ndipo begi la mgongoni linaposhinda waziwazi: kwenye mawe na mteremko mkali, mtu mwenye begi mgongoni anaweza kuinamisha kichwa anavyotaka na mikono yake yote iko huru.

Ngata nayo imesingiziwa sana. Watu husema inapunguza uzito. Haipunguzi hata gramu. Kinachofanyika ni kwamba utosi ni mviringo na kitako cha ndoo ni bapa, hivyo bila ngata mzigo unakaa kwenye kijisehemu kidogo na unataka kuteleza upande wowote. Ngata inaongeza eneo linaloguswa, na inampa mbebaji nafasi ya kuutafuta mstari kabla hajaondoka. Mtazame mama anayetwikwa ndoo: kabla ya hatua ya kwanza anaisogeza kidogo mbele, kidogo kushoto, kisha anatulia. Kazi kubwa imefanyika hapo. Maji yakiwa hayajajaa yanacheza, kitovu cha uzito kinahama kila hatua, na misuli inalazimika kukaza pande zote kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu ya yale majani yanayowekwa juu ya maji: yanatuliza mawimbi. Dumu lililojaa na kufungwa kizibo ni zito zaidi ya la nusu, lakini kwa shingo linaweza kuwa na adabu zaidi.

Turudi kwa hao waliopima. Mwaka 1986 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti wa mtafiti Maloiy na wenzake, uliofanyika Kenya, ambamo wanawake wa Kiluo na wa Kikuyu walitembea huku hewa wanayoitumia ikipimwa. Ilionekana kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila matumizi ya oksijeni kuongezeka. Kwa mwanamke wa kilo 60 hiyo ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 imeshapita hapo kabla hujahesabu ndoo yenyewe. Juu ya asilimia 20, gharama ilianza kupanda.

Jambo linaloachwa kila mara ni hili: Waluo walibeba kichwani, lakini Wakikuyu walibeba mgongoni, kwa mkanda unaopita juu ya paji la uso, ule wanaouita mukwa. Wote walipata nafuu ileile. Kama siri ingekuwa uwima wa mzigo juu ya utosi, Wakikuyu wasingeipata. Mwaka 1995 Heglund na wenzake walirudi na jibu la sehemu: wanawake hawa, wakibeba, hutumia vizuri zaidi ule mwendo wa pendulumu wa kutembea, ambamo mwili unapanda na kushuka juu ya mguu na nguvu iliyopotea upande mmoja inarudishwa upande mwingine. Nafuu ilikuwa kwenye mwendo uliojengwa kwa miaka tangu utotoni. Halafu mwaka 2010 utafiti wa Lloyd na wenzake kwa wanawake wa Kixhosa, Afrika Kusini, ulilinganisha kubeba kichwani na mgongoni. Kwa wastani hakukuwa na tofauti ya maana ya gharama. Baadhi ya wanawake walikuwa na nafuu kichwani, wengine mgongoni, na maumivu ya shingo yalikuwa tatizo la kweli kwa kubeba kichwani.

Na hata nafuu ile ya 1986, ilikuwa ya oksijeni. Oksijeni inapima misuli inavyochoma nguvu. Haipimi pingili zinavyobanwa. Mifupa na zile diski zilizo katikati yake hazichomi nguvu zikibanwa, lakini zinachakaa. Mtu anaweza kufika nyumbani bila kuhema na shingo yake ikawa imelipa.

Begi la mgongoni linalipia kwingine. Uzito uko nyuma ya mwili, kwa hiyo mbebaji lazima aegemee mbele ili jumla ya mwili na mzigo irudi juu ya nyayo. Akiegemea, uso unaelekea chini, basi anainua kidevu ili aone njia. Shingo inatoka mbele kama ya kobe na misuli ya kisogo inakaza muda wote, ingawa kichwani hakuna kitu. Mikanda nayo inaning'inia kwenye misuli ya mabega, ambayo juu imeshika fuvu na shingo. Mkanda wa kiunoni unabadilisha mambo haya: ukifungwa juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni, sehemu kubwa ya uzito inaruka mabega na shingo na kwenda moja kwa moja kwenye nyonga na miguu. Kwa hiyo begi la mgongoni lililofungwa vizuri linaweza kuwa wima zaidi kwa nyonga kuliko ndoo iliyokaa vibaya ilivyo wima kwa shingo.

Madhara ya shingo yanaweza kuanzia kwenye kujitwika na kutua, pale mzigo unapopita mbele ya uso au kuangukia upande mmoja na shingo imepinda. Uchovu wa kisogo unaoisha baada ya kulala ni uchovu. Ganzi inayoteremka mkononi, vidole vinavyoshindwa kufunga kifungo, au miguu inayoyumba, hizo ni dalili za mishipa ya fahamu au uti wa mgongo kuguswa, na mwenye nazo anapaswa kuacha kujitwika na kumwona daktari.

Basi kwa wale wanaoleta picha za wagumu wa Kilimanjaro kama mfano wa mzigo wima, ombi dogo tu: tazameni tena begi liko wapi. Wengi wameliweka kisogoni, juu ya mabega, kichwa kimesukumwa mbele na mkono mmoja umelishika, na mgongoni wana begi lao binafsi. Hilo la kisogoni limepinda shingo, la mgongoni limeegemeza kiwiliwili. Aliye wima pale ni yule mwenzao anayepita pembeni na mzigo utosini, mikono chini, macho yakiwa njiani na kidevu hakijashuka.