Picha ya Kidonge Kisicho na Kifungashio: Inachoweza Kukataa na Isichoweza Kuthibitisha

"Shikamoo daktari. Naomba uniangalizie, hiki ndicho kile cha foliki?" Chini ya ujumbe huo kuna picha ya kidonge kimoja cha njano, cha mviringo, kimelazwa kiganjani chini ya taa ya sebuleni. Maswali ya namna hii ni sehemu ya kazi yetu sisi wafamasia tunaotoa taarifa za dawa, na mara nyingi muulizaji hupokea jibu letu kwa masikitiko, kwa sababu alitarajia "ndiyo" au "siyo" na badala yake anaulizwa maswali mengine saba. Nitaufuata mfano huu mmoja hadi mwisho wake, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila sababu ya sisi kusita.

Mgonjwa ni mzee mwenye baridi yabisi ya maungio. Ameandikiwa methotreksati ya miligramu 2.5, vidonge vinne kwa pamoja, mara moja tu kwa wiki, na kidonge kimoja cha foliki asidi cha miligramu 5 kwa wiki, siku tofauti, ili kupunguza madhara ya ile ya kwanza. Binti yake, kwa nia njema kabisa, alimimina dawa zote mbili katika kikopo kimoja kwa ajili ya safari na kuzitupa chupa zenye lebo. Sasa ndani ya kikopo mna vidonge vidogo vya njano vinavyofanana kama kunde. Kosa la kumeza foliki asidi ya ziada halina uzito mkubwa. Kosa la kumeza methotreksati kila siku badala ya kila wiki huzima uboho unaotengeneza chembe za damu, huchubua utando wa kinywa na utumbo, na limewahi kuua watu. Kwa hiyo swali "hiki ndicho?" linaonekana dogo, lakini gharama ya kulijibu vibaya iko upande mmoja tu.

Tuirudie picha yenyewe. Rangi ya njano ninayoiona si lazima iwe rangi ya kidonge, kwani kamera ya simu hukisia aina ya mwanga na kurekebisha rangi kulingana na makisio hayo, na chini ya taa yenye mwanga wa manjano hata kidonge cheupe huweza kutoka na rangi ya siagi. Ukubwa nao hauonekani kabisa: kidonge cha milimita 6 na cha milimita 8 hujaza picha kwa namna ileile simu ikisogezwa kidogo, na kiganja si rula, maana viganja vya watu havilingani. Unene haupo, kwa sababu kimepigwa kutoka juu. Upande wa pili wa kidonge haupo pia, na huenda ndiko jina la mtengenezaji liliko. Juu ya hayo, programu nyingi za kutumiana ujumbe huibana picha ili iende haraka, na vitu vya kwanza kupotea ni mistari myembamba, yaani chapa yenyewe, zile herufi na tarakimu zilizo juu ya kidonge.

Chapa ndiyo sehemu ya kidonge yenye maana kubwa kuliko rangi na umbo, lakini ina namna yake ya kusomwa. Kwanza huangaliwa imewekwaje: je, imezamishwa ndani ya kidonge, imeinuliwa juu, au imechapishwa kwa wino? Ya kuzama huonekana kwa sababu ya kivuli, kwa hiyo flashi inayopiga kutoka mbele huifuta, wakati mwanga hafifu wa dirishani unaotoka ubavuni huidhihirisha. Kisha husomwa pande zote mbili, kila herufi, kila tarakimu, nembo kama ipo, na mahali mstari wa kugawia kidonge ulipopita: umetenganisha tarakimu na tarakimu, uko chini yake, au uko upande wa nyuma usio na maandishi? Vidonge viwili vyenye tarakimu zilezile huweza kutofautiana kwa jambo hilo moja tu.

Katika picha ya binti yule nilidhani naona 16. Nilipoigeuza picha juu chini, nikaona 91. Kidonge cha mviringo hakina kichwa wala miguu, na kama upande huo hauna herufi au nembo inayoonyesha juu ni wapi, basi 16 na 91 ni chapa mbili halali zinazoweza kuwa za dawa mbili tofauti. Herufi M ikigeuzwa huwa W. Sifuri na herufi O, tarakimu 1 na herufi I, 5 na S, 8 na B, zote huchanganyika pale kingo za chapa zinapokuwa zimelika kwa kusuguana kikoponi. Isitoshe, kamera ya mbele ya simu huweza kuhifadhi picha kama ya kwenye kioo, maandishi yakatoka kinyume. Binafsi nimejizoeza kumwomba mtumaji aniandikie kwa maneno anachokisoma yeye mwenyewe kwa macho kabla sijamwambia ninachokiona mimi, kwa sababu nikishataja namba, naye ataiona hiyohiyo.

Kuna mtego mwingine unaowapata hata watu makini, nao ni kudhani kwamba tarakimu iliyo kwenye kidonge ni kipimo chake. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine ni msimbo tu wa mtengenezaji. Kidonge kinachofahamika sana cha parasetamoli chenye chapa L484 hakina miligramu 484 za kitu chochote. Kina miligramu 500 za parasetamoli. Mtu akiona 10 kwenye kidonge cha njano na kuhitimisha kwamba ni "cha kumi", amesoma asichoandikiwa.

Nchini Marekani, tangu mwaka 1995, kanuni inataka vidonge na kapsuli za dawa ziwe na chapa ambayo, ikiunganishwa na ukubwa, umbo na rangi, itambulishe dawa na mtengenezaji wake. Angalia maneno hayo: hata katika nchi yenye kanuni kali, chapa peke yake haihesabiwi kuwa kitambulisho kamili, inahitaji wenzake watatu, na tumeona kwamba picha huharibu angalau wawili kati yao. Virutubisho vya lishe haviingii katika kanuni hiyo, na katika nchi nyingi nyingine hakuna sharti la chapa kabisa, hivyo kidonge kitupu kisicho na alama huweza kuwa dawa halali kama kinavyoweza kuwa kitu kingine chochote. Kutafuta chapa ya dawa ya nchi moja katika orodha ya nchi nyingine huweza kukupa jibu lililo safi na lisilo sahihi.

Na chapa ikisomwa vizuri, ikalingana na kila kitu? Hapo bado tunajua tu kidonge kinafanana na nini. Vidonge bandia vya buluu vyenye M ndani ya kisanduku upande mmoja na 30 upande wa pili vinaiga kidonge halisi cha miligramu 30 cha oksikodoni, dawa kali ya maumivu, na vingi vimekutwa na fentanili, dawa ambayo miligramu 2 tu zinaweza kutosha kuua mtu asiyeizoea. Mashine ya kugonga vidonge haijui kilichomo katika unga. Kinachoweza kusema kilichomo ni kipimo cha maabara.

Kwa hiyo kazi ya picha ni ya upande mmoja. Alama moja inayopingana wazi na ilivyotakiwa kuwa inatosha kumwambia mtu asimeze. Alama kumi zinazolingana hazitoshi kumwambia ameze. Siku hizi, ninapopokea picha, ninaitafutia sababu ya kuikataa, na nikiikosa sababu hiyo ninasema nimeikosa, basi.

Kwa binti yule nilianza na jambo ambalo hakuliuliza. Nilimwomba arudishe kidonge kikoponi bila kukivunja wala kukionja, na anawe mikono kwa sabuni, kwa sababu methotreksati haishikwi kwa mkono mtupu, na mjamzito hatakiwi kuigusa kabisa. Kisha nikamuuliza idadi. Baba yake alipewa vidonge 16 vya methotreksati na 4 vya foliki asidi, vya wiki nne, na wiki mbili zilikuwa zimepita. Kikopo kilipaswa kuwa na vidonge 10, yaani 8 na 2. Alihesabu kwa kijiko, akapata 7.

Hapo swali la picha lilikwisha umuhimu wake. Vidonge vitatu vilimezwa nje ya ratiba, na hatukujua vilikuwa vya aina gani. Nilimuuliza kama baba ana vidonda kinywani, homa, koo linalouma au michubuko asiyojua ilikotoka. Akajibu kwamba tangu jana analalamika chai inamuunguza mdomo. Nilimwelekeza waende hospitali siku hiyohiyo, na kikopo chote, na cheti cha daktari, bila kumpa kidonge kingine chochote njiani. Kama mtu amezimia au ni mtoto aliyemeza kisichojulikana, hata mazungumzo mafupi kama haya hayafai kumchelewesha. Vidonge vilivyobaki vichukuliwe, waende.

Hospitalini mfamasia alivipanga vidonge saba juu ya trei, akavaa glavu, akavigeuza kimoja kimoja chini ya kioo cha kukuzia. Alipiga simu duka lililotoa dawa ili kujua ni watengenezaji gani walitolewa siku ile, kwa kuwa duka lilelile huweza kutoa dawa ileile ya mtengenezaji mwingine mwezi unaofuata, ikiwa na umbo na rangi tofauti. Alipima kipenyo kwa rula maalumu. Sita vilikuwa na sura ya methotreksati iliyotolewa, kimoja cha foliki asidi. Kwa hesabu hiyo mzee alikuwa amemeza methotreksati mbili za ziada, na daktari aliagiza kipimo cha kuhesabu chembe za damu na cha utendaji wa figo, kwa sababu figo ndizo zinazoitoa dawa hiyo mwilini na zikilegea, hata kiasi kidogo cha ziada hukaa muda mrefu.

Binti aliuliza kama sasa, vikiwa vimeshatambuliwa, anaweza kurudi navyo. Mfamasia alikataa. Vilikuwa vimesuguana kwa wiki mbili na unga wa kimoja ulikuwa juu ya kingine, namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda zilikwenda na chupa zilizotupwa, na utambuzi ule, pamoja na kioo chake na rula yake, ulikuwa umefanywa ili kujua mgonjwa amemeza nini, si ili kumrudishia ameze tena. Vyote saba vilipelekwa kuteketezwa. Mzee alipewa foliki asidi mpya katika chupa yake, na methotreksati ikasimamishwa hadi majibu ya damu yatoke.