ALU haitaki tumbo tupu: kuhusu mafuta, maziwa na kutapika

Jamani naomba tuongee kuhusu ALU, hii dawa ya malaria ya kumeza dozi sita kwa siku tatu, maana nimechoka. Mi nakaa dirisha la dawa, na wiki haipiti bila mtu kuniambia "daktari, nimeacha mafuta yote tangu nimeanza dozi, nakunywa chai ya rangi tu". Anaisema kwa fahari kabisa, kama mtu anayetegemea kupongezwa. Afu wiki tatu baadaye yuleyule anarudi, homa imerudi, na neno la kwanza ni "dawa zenu feki".

Naanza na hiyo kwa sababu ndiyo inayoniuma zaidi.

"Mgonjwa wa malaria asile mafuta, yanaamsha nyongo"

Hii naijua inakotoka. Mtu ana malaria, hali kitu tangu jana, anatapika maji ya njano machungu, watu nyumbani wanasema ni nyongo imepanda, na nyongo inapandishwa na mafuta, basi anakatwa maziwa, mayai, karanga, mboga ya nazi, anabaki na chai kavu na soda. Lakini hayo maji ya njano yanatoka kwa sababu tumbo halina kitu kingine cha kutoa. Mtu yeyote akitapika tumbo likaisha, nyongo inafuata, awe na malaria au sumu ya chakula. Mafuta hayajahusika hapo. (Macho yakiwa ya njano ni habari nyingine, hiyo usikae nayo nyumbani hata kidogo.)

Sasa sikiliza kinachotokea kwenye dawa. ALU ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Artemeta ndiyo ya mbio, inaua vimelea vingi haraka, homa inashuka, na ndani ya saa chache imeshatoka mwilini. Lumefantrini ndiyo ya taratibu, inakaa kwenye damu siku kadhaa ikimalizia vile vilivyobaki. Na hii lumefantrini haipendani na maji, ni kama samli kwenye maji baridi, bila mafuta tumboni sehemu kubwa inapita tu na kwenda chooni. Watu wazima wasio wagonjwa walipopimwa, waliomeza na mlo wa mafuta mengi lumefantrini iliingia kwenye damu mara 16 ya waliomeza tumbo tupu. Mara 16! Artemeta nayo inaongezeka ila kama mara 2 tu.

Umeona mtego ulipo? Aliyemeza na chai ya rangi bado anapata artemeta ya kutosha kidogo, homa inashuka, siku ya pili anasema amepona, siku ya tatu yuko kazini. Kilichokosekana hakiumi na hakionekani. Vimelea vichache vilivyobaki vinazaana kimyakimya, baada ya wiki mbili tatu homa hiyo hapo, na lawama zote zinaenda kwa kiwanda, kwa muuza dawa, au kwa "malaria sugu". Sisemi kila homa inayorudi ni kwa sababu ya chai ya rangi, unaweza kuwa umeng'atwa na mbu mwingine, na dawa za ovyo zipo kweli. Ila swali langu la kwanza siku hizi ni hilohilo tu, ulimeza na nini, na majibu mnayonipa yananitosha.

Na mafuta yenyewe yanayotakiwa wala si mengi, hapa ndipo watu wanapovuka upande wa pili wanaenda kula chipsi kuku afu wanatapika. Kuna utafiti ulipima kwa maziwa ya soya, ikaonekana mililita 36 hivi zenye mafuta gramu 1.2 tu zilitosha kufikisha lumefantrini karibu asilimia 90 ya kiwango cha juu inachoweza kufikia. Maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta yako karibu na hapo hapo, kwa hiyo nusu kikombe kinatosha na kubaki. Huna maziwa? Tia kijiko cha mafuta ya kula kwenye uji. Uganda waliwahi kulinganisha uji wa mahindi uliotiwa mafuta na maziwa, matokeo yakawa yanalingana. Uji wa karanga, kipande cha parachichi, chapati, yai la kukaanga, mchicha wa nazi, chochote kati ya hivyo. Mtoto anayenyonya mpe ziwa, maziwa ya mama yana mafuta yake. Chai ya rangi na mkate mkavu, soda, juisi, maji ya dafu, tikiti, hivyo havina mafuta ya maana, kunywa ukipenda ila usivihesabu kuwa ndio mlo wa dawa.

Mgonjwa akigoma kabisa kula? Mpe dawa hivyohivyo na maziwa mafundo mawili matatu, msikae kusubiri apate hamu huku vimelea vinaendelea. Kwa kawaida siku ya pili hamu inarudi, na hapo ndipo msimamie kila dozi ipate mafuta yake, kwa sababu hizo dozi za mwisho ndizo zinazojaza lumefantrini ya siku zijazo. Watu wengi wanafanya kinyume, dozi ya kwanza wanaimeza kwa adabu zote, ya tano na ya sita wanameza wakiwa njiani na maji ya chupa.

"Maziwa yanaua nguvu ya dawa"

Hapana, kwa ALU ni kinyume kabisa. Kuna dawa kweli hazitaki maziwa, doksisaiklini na siprofloksasini kwa mfano, nadhani habari ilianzia huko ikasambaa kwa kila kidonge. Na wengine wanasema maziwa yanapewa mtu aliyekunywa sumu kwa hiyo yataondoa na dawa. Acheni.

"Akitapika ni malaria inatoka"

Hii nayo! Kinachotoka ni dawa. Na cha kuangalia mtu akitapika ni saa, kwa hiyo ukishampa mgonjwa dawa angalia saa, iandike hata kwenye mkono.

Miongozo yetu ya kutibu malaria inasema akitapika ndani ya dakika 30 rudia dozi nzima. Karatasi ya mtengenezaji inakwenda mpaka saa moja. Kwa hiyo chini ya nusu saa usijiulize, rudia. Kati ya nusu saa na saa moja mpigie aliyekupa dawa muamue pamoja, na ukiona vipande vya dawa kwenye matapishi mwambie. Ikishapita saa moja na zaidi usirudie, subiri dozi inayofuata kwa muda wake. Na kurudia ni mara moja. Akiitapika na ile ya kurudia, vidonge basi, twende kituoni.

Nichukue mfano. Mtoto wa miaka mitano ana kilo 18, kipimo kimeonyesha malaria. Kwa kilo 15 mpaka chini ya 25 ni vidonge viwili kila dozi, dozi sita, kwa hiyo pakiti ina vidonge 12. Mama kampa viwili saa tatu asubuhi, saa tatu na dakika 20 mtoto katapika vyote. Asimrudishie palepale tumbo bado linachafuka. Mtoto ana moto, apunguziwe nguo, alale upande, anywe maji au ORS kwa kijiko kidogokidogo. Akitulia, kama robo saa hivi, vidonge viwili vingine vilainishwe kwenye maji kidogo (vile vya watoto vinayeyuka vyenyewe, vya kawaida visagwe), apewe taratibu halafu maziwa kidogo juu yake. Tuseme imeingia saa nne kasoro ikakaa. Dozi ya pili ni saa nane baadaye, ukihesabu kutoka hii iliyokaa, yaani saa kumi na mbili kasoro jioni. Afu kesho na keshokutwa asubuhi na jioni, kila baada ya saa 12.

Sasa fanya hesabu. Viwili vimetapikwa, viwili vimerudiwa, vimebaki nane. Dozi zilizobaki ni tano, zinataka vidonge kumi. Vimepungua viwili! Hapa ndipo watu wengi wanapoangukia bila kujua, wanamaliza pakiti wanaamini wamemaliza dozi kumbe dozi ya sita haipo. Mama ukirudia dozi njoo na pakiti yako useme "dada, mtoto alitapika, nimepungukiwa viwili". Hatukufokei. Wala usiazime kwenye pakiti ya mtoto wa jirani, mnabaki na watoto wawili wenye dozi nusunusu.

"Nimepitiwa na dozi, nitameza zote mbili pamoja"

Lumefantrini ina kikomo cha kiasi kinachoweza kuingia kwa mkupuo mmoja, ukirundika vidonge ziada haikusaidii. Meza uliyoisahau pale unapokumbuka, na mafuta yake, afu endelea mpaka zote sita ziishe hata kama zitavuka siku ya tatu.

"Kwanza ninunue sindano ya kuzuia kutapika"

Kwa mtoto hasa, naomba msijinunulie. Metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, inaweza kumkakamaza mtoto shingo na macho yakapinda juu, mkaja mbio mkidhani ni degedege. Mara nyingi mtoto anatapika kwa sababu ya homa kali, au alilazimishwa kumeza huku analia, ukimtuliza na kumpa polepole inakaa.

"Akitapika sana mpe muda, kesho atakuwa sawa"

Asiyeweza kubakiza chochote, iwe dawa, maji au ziwa, huyo anahesabiwa kwenye dalili za hatari na vidonge havimfai tena hata uvitie samli. Anahitaji atesunati, dawa nyingine ya malaria, ya sindano, na mtoto wa chini ya miaka sita aliye mbali na hospitali anaweza kuwekewa atesunati ya njia ya haja kubwa kwenye kituo cha karibu wakati anapelekwa mbele. Degedege, kulegea asiamke vizuri, kupumua kwa shida, mkojo kama kokakola, viganja vyeupe, macho ya njano, ukiona kimoja tu usije dirishani kwangu kuniuliza urudie dozi au usirudie. Nenda moja kwa moja kituo chenye sindano, ubebe na pakiti mkononi ili waone kameza ngapi na saa ngapi.