Barabara Yako Haikupotea kwa Kukosa Wekundu

Nimeletewa tena faili la QGIS, programu ya kutengenezea ramani, lenye ombi ambalo sasa nalijua kwa moyo: "Barabara hazionekani vizuri, tafadhali zikoleze rangi." Nilipolifungua nikakuta barabara zimekwisha kupakwa #ff0000, yaani wekundu usio na mahali pengine pa kwenda. Ardhi ilikuwa kijani #228b22, kwa kuwa mwenye ramani aliona nchi yetu ni ya kijani, na mto ulikuwa buluu tupu #0000ff. Ilikuwa ramani ya kata moja katika bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, iliyotengenezwa kwa data za OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, ili wajumbe wa kikao waone ni njia zipi zinakatika mvua kubwa inaponyesha. Mwenyewe aliichapisha kwenye printa ya rangi akaridhika, kisha ofisi ikatoa fotokopi za kawaida za kugawa. Katika fotokopi hizo barabara zilitoweka kabisa. Kilichobaki ni karatasi ya kijivu yenye majina yanayoelea hewani.

Watu wengi huamini kwamba kitu kikipakwa rangi kali kitaonekana. Jicho halifanyi kazi hivyo linapofuata mstari mwembamba. Kinachotenganisha mstari na mandhari yake ni tofauti ya mwangaza, yaani kimoja kuwa cheupe zaidi na kingine cheusi zaidi, na wala si tofauti ya jina la rangi. Kipimo kinachotumika sana ni uwiano wa utofauti unaotumiwa na wasanifu wa kurasa za wavuti, unaoanzia 1, pale rangi mbili zinapolingana mwangaza, hadi 21, ambao ni mweusi juu ya mweupe. Kwa maandishi ya kawaida hutakiwa angalau 4.5. Wekundu ule juu ya kijani kile unatoa takribani 1.1. Kwenye skrini rangi mbili hizo zinagombana hadi macho yanauma, lakini kwa mwangaza ni mtu na pacha wake, na mashine ya fotokopi haioni ugomvi wao. Msomaji asiyetofautisha nyekundu na kijani naye hauoni mstari huo vizuri.

Hapa ndipo ninapoomba subira ya msomaji, kwa sababu kosa hili hulelewa na dirisha lenyewe la kuchagua rangi. Mtu hufungua kichaguzi, akaona vitelezi vya H, S na V, yaani aina ya rangi, ukolezo na thamani, akadhani V ni mwangaza. Siyo. Njano tupu #ffff00 ina V ya asilimia 100, na buluu tupu #0000ff nayo ina V ya asilimia 100, ilhali kwa mwangaza unaopimwa kati ya 0 na 1 njano ina takribani 0.93 na buluu ina 0.07. V husema tu kwamba kati ya nyekundu, kijani na buluu, ile iliyo kubwa kuliko zote imefika wapi. Haijui kwamba jicho la binadamu hupokea kijani kwa nguvu nyingi na buluu kwa nguvu kidogo sana. Kwa hiyo anayepanga hadhi za barabara kwa kushusha V hatua kwa hatua huku akibadilisha na H hapangi ngazi yoyote, anatupa karata. Njia ya haraka ya kujisahihisha imo ndani ya programu: fungua View, kisha Preview Mode, uchague lile chaguo lenye neno Grayscale. Ikiwa huwezi kufuata barabara kuu kwa kidole katika hali hiyo, rangi zako hazijafika.

Sasa tuirekebishe ramani ile. Sikuanza na barabara, nilianza na ardhi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imekalia nafasi ya kila mtu. Niliishusha hadi rangi ya karatasi iliyozeeka kidogo, #f2efe9, ambayo ni rangi ya ardhi katika ramani ya kawaida ya OpenStreetMap. Barabara kuu nikaziwekea mistari miwili iliyolaliana ndani ya alama moja: wa chini ni kahawia iliyokoza wenye upana wa milimita 1.4, na wa juu ni chungwa wenye milimita 1.0, hivyo kila upande unabaki ukingo wa milimita 0.2. Ukingo huo wa kahawia juu ya ardhi ile una uwiano wa takribani 6.5, na ndio unaobeba kazi yote. Chungwa la katikati linaeleza tu hadhi ya barabara.

```
ardhi              #f2efe9
mto                #6fa8c7
barabara kuu, juu  #e8a33d
barabara kuu, chini #7a4a12
jina la mto        #1f4e79
```

Asiyeamini nguvu ya ukingo azitazame barabara ndogo za mitaa katika ramani hiyo ya kawaida ya OpenStreetMap. Ni nyeupe juu ya ardhi karibu nyeupe, uwiano wa takribani 1.15, na bado kila mtu anazisoma kwa sababu ya uzi wa kijivu pembeni. Ukishaweka ukingo, usisahau kufungua Advanced, kisha Symbol Levels, na kuzipa kingo zote namba 0 na mistari ya juu namba 1 au zaidi. Bila hivyo kila njia panda itakatwa na mistari ya kahawia kama geti lililofungwa.

Mto niliupa buluu ya wastani, na nikahakikisha hakuna barabara yenye buluu. Ramani ya kawaida ya OpenStreetMap yenyewe ilikuwa na barabara kuu za buluu na za kijani hadi mwaka 2015, zilipobadilishwa kuelekea nyekundu, chungwa na njano, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba buluu ilifanana na mito na kijani ilifanana na misitu.

Majina ndiyo yaliyobaki, na hapa watu huwasha Draw text buffer wakaondoka. Kwa chaguo-msingi ukingo huo wa herufi ni mweupe, wa milimita 1, na juu ya ardhi isiyo nyeupe huacha mabaka kama plasta. Upe rangi ya ardhi ileile, upunguze hadi milimita 0.7 hivi, nao utazikata barabara zinazopita chini ya jina bila kuonekana wenyewe. Kwa jina lililo ndani ya maji mapana, ukingo uchukue rangi ya maji.

Nakiri mambo mawili. Uwiano ninaoutegemea ulitungwa kwa ajili ya skrini na maandishi, hivyo kwa mstari wa milimita 0.2 ninautumia kama onyo tu. Majina meusi juu ya kijani kile yalipata takribani 4.8, yaani yalifaulu kwa hesabu, na bado yalichosha kusoma. La pili ni mto wenyewe. Msimbazi ukifurika ni wa tope, na niliwahi kuupaka kahawia kwa kuheshimu ukweli. Mjumbe mmoja aliweka kidole juu yake akauliza, "Ndugu, hii barabara imejengwa lini?" Nikaurudisha kwenye buluu jioni ileile.